Rezista ya taa ya mashua imeungua mara mbili. Nimesoma mistari vibaya, au kuna jambo jingine?

Nahodha_Kijana
Asalaam alaykum wakubwa zangu. Niko Amu, naendesha mashua ya ami yangu yenye injini ya dizeli na betri moja ya volti 12. Kuna taa ambayo ami alitengenezewa zamani na fundi ambaye sasa hayuko kisiwani. Ndani mna LED tatu nyeupe za wati moja moja, zimefuatana kwenye kibati cha aluminiamu, na rezista moja. Vyote viko ndani ya kiboksi cha plastiki kilichozibwa silikoni ili chumvi isiingie.

Mwezi uliopita ilizima. Nilipofungua nikakuta rezista imebabuka. Nikasoma mistari: kahawia, kahawia, nyeusi, dhahabu. Yaani 1, 1, bila sufuri ya kuongeza, basi omu 11. Dukani wakaniambia 11 hawana, chukua 10, haina tofauti. Nikalehemu hiyo: kahawia, nyeusi, nyeusi, dhahabu. Ni kijirezista kidogo tu.

Tulipokuwa tumetia nanga upande wa Manda taa iliwaka vizuri, kali hata kuliko zamani. Baadaye nikasikia harufu kidogo. Tulipowasha injini kuelekea Kipungani haikufika mbali, moshi, na taa ikazima. Nikatia nyingine ya rangi zilezile, ikaungua vilevile. Omu ni sawa, sasa kosa langu liko wapi?

Dishi_Shela
Waalaykum salaam. Kosa si la omu, ni la wati. Rangi hazikwambii wati hata siku moja. Mistari inasema omu na usahihi wake, basi. Wati unazijua kwa ukubwa wa kiwiliwili. Hicho kidogo ulichonunua ni robo wati.

Hesabu yake rahisi. Betri volti 12. LED tatu zinakula 3.2 kila moja, jumla 9.6. Zinabaki volti 2.4 juu ya rezista. Gawa kwa omu 10, unapata ampea 0.24. Zidisha 2.4 kwa 0.24, ni kama wati 0.58. Umeipa robo wati mzigo wa zaidi ya nusu, lazima iungue. Tia omu 10 ya wati moja, umemaliza.

Kibandani_Simu
Hata mimi hiyo kahawia, nyeusi, nyeusi, dhahabu imenitesa. Ipo kwenye chaja za simu, pale umeme wa ukutani unapoingia. Inakatika, natia mpya, naichomeka na inakatika tena papo hapo. Nikaanza kutia ya wati kubwa zaidi ili isikatike. Kwa hiyo nakubaliana na Dishi, wati ikiwa kubwa tatizo linaisha.

Mama_Sakiti
Salamu kutoka Malindi. Nianze na Kibandani kwa sababu lake ni la hatari. Baba, usifanye hivyo. Ile omu 10 ya mlangoni mwa chaja aghalabu ni rezista ya kukatika, imewekwa makusudi ifanye kazi ya fiyuzi. Ikikatika papo hapo maana yake kuna kitu mbele yake kimekufa, diodi au transista, kimekuwa kama waya mtupu. Ukiweka ya wati kubwa inayovumilia, moto unahamia kwenye kitu kingine ndani ya chaja, na hiyo chaja inalala kitandani na mtoto wa mtu. Kwanza tafuta kilichokufa, kisha rudisha rezista ya aina ileile. Na lile ni suala la umeme wa volti 240, si la mashua. Ukitaka fungua uzi wako, nitakuja.

Sasa wewe Nahodha. Dishi amesema kweli kwamba rangi hazisemi wati, na njia yake ya hesabu ni sahihi. Ila ameanza na volti ambazo mashuani kwako hazipo. Naomba vitu viwili. Pima betri kwa mita injini ikiwa imezimwa, halafu pima ikiwa inanguruma. Na ile rezista ya kwanza kabisa, ya yule fundi, kama hujaitupa, pima urefu wake kwa rula na uitazame tena juani. Igeuze, tazama na upande uliokuwa umelalia kibati.

Nahodha_Kijana
Shikamoo mama. Sikuitupa, iko kwenye kopo la misumari.

Betri injini imezimwa: 12.6. Injini inanguruma: 14.4.

Rezista ya kwanza ina urefu wa milimita 9 hivi, hizi nilizonunua ni 6. Kiwiliwili kilikuwa rangi ya maziwa, sasa katikati ni kama mkate ulioungua. Nimeigeuza. Upande wa chini mstari wa pili una wekundu pembezoni. Wa kwanza siwezi kuapa. Nikitazama asubuhi naona kahawia, nikitazama chini ya taa ya dukani naona kama nyekundu iliyokolea. Nimeipima kwa mita, haisomi chochote.

Mama_Sakiti
Marahaba mwanangu. Hapo ndipo nilipotaka tufike.

Rezista iliyopikwa inadanganya rangi. Nyekundu ikipata joto muda mrefu inageuka kahawia, na machungwa inaelekea wekundu. Hata mita haikusaidii, kwa sababu ikishaungua omu zake hupanda, na mwisho hukatika kabisa kama yako. Kwa hiyo usiisome kama unavyosoma mpya. Jiulize kwanza: hii thamani ninayoisoma, mafundi wanaitumia? Omu 11 ipo duniani, lakini madukani kwetu zinazojaa ni zile za msururu wa 10, 12, 15, 18, 22, 27, 33, 39, 47, 56, 68, 82. Na duka lenyewe lilikwambia 11 hawana. Ukisoma thamani ambayo hakuna anayeiuza, shuku macho yako kabla ya kumshuku fundi.

Mimi naamini ilikuwa nyekundu, nyekundu, nyeusi, dhahabu. Omu 22. Tuipitishe kwenye hesabu tuone kama hadithi yako inakubali. LED tuziweke 9.6 kama alivyofanya Dishi.

```
Injini imezimwa: 12.6 - 9.6 = 3.0 V
omu 22:  3.0 / 22 = 0.136 A    3.0 x 0.136 = 0.41 W
omu 10:  3.0 / 10 = 0.30 A     3.0 x 0.30  = 0.90 W

Injini inawaka:  14.4 - 9.6 = 4.8 V
omu 22:  4.8 / 22 = 0.218 A    4.8 x 0.218 = 1.05 W
omu 10:  4.8 / 10 = 0.48 A     4.8 x 0.48  = 2.30 W
```

Soma taratibu. Milimita 9 ni umbo la nusu wati. Omu 22 ya nusu wati, mashua ikiwa imetulia, inabeba 0.41. Imebanwa, lakini inaishi. Injini ikiwaka inabeba mara mbili ya uwezo wake. Haitoi moshi siku hiyo, inajipika kidogo kidogo kila safari mpaka inababuka. Hicho ndicho ulichokikuta.

Kisha ukaweka omu 10 ya robo wati. Hata nangani ilikuwa inabeba zaidi ya mara tatu ya uwezo wake, ndiyo ile harufu. Ulipowasha injini ikabebeshwa mara tisa. Na ule ukali wa mwanga uliokufurahisha ulikuwa dalili mbaya: karenti ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili ya aliyoikusudia fundi.

Ndugu yangu Dishi, ona volti 2.4 zilizopotea kati ya 12 na 14.4. Mtu anaziona ndogo, lakini rezista hapati volti za betri, anapata masazo. LED zikishachukua 9.6 zao, masazo yanatoka 2.4 yanakuwa 4.8. Yameongezeka maradufu, na joto linaongezeka mara nne. Omu 10 ya wati moja uliyomshauri ingeungua pia.

Dishi_Shela
Hapo umenishika mama. Mimi nimezoea sola za nyumbani, taa ikiwaka usiku paneli imelala, betri iko kwenye 12 na kitu. Sikufikiria kwamba mashuani taa na altaneta vinafanya kazi wakati mmoja.

Lakini sikubali moja kwa moja kwamba ni 22. Kwa nini isiwe 12? Kahawia, nyekundu, nyeusi. Yeye mwenyewe anasema wekundu ameuona kwenye mstari wa pili tu, wa kwanza hawezi kuapa.

Mama_Sakiti
Hoja nzuri, na kwa macho peke yake sina jibu. Kwa hesabu, 12 ingetoa 4.8 gawa kwa 12, ampea 0.4. LED za wati moja kwa kawaida zinawekewa mwisho wa 0.35, kwa hiyo zingeteseka kila injini ikiwaka, na LED zake bado ni nzima baada ya miaka. Na rezista yenyewe ingebeba karibu wati 1.9 ndani ya kiwiliwili cha nusu wati. Hiyo haidumu miaka, inadumu safari chache. Kwangu hilo linatosha kuegemea 22. Mwingine anaweza kuegemea 15 akitaka.

Hata hivyo Nahodha hahitaji kujua fundi aliweka nini ili aendelee. Anahitaji kujua aweke nini. Kwa 14.4, omu 22 inampa karenti ambayo LED zinaivumilia kwa raha. Hiyo ndiyo ya kuweka.

Nahodha_Kijana
Nimeelewa. Sasa wati ngapi? Mama umesema 1.05, basi ya wati moja haitoshi kwa nukta sufuri tano tu?

Halafu kuna jamaa hapa Langoni ananiambia nisiweke ya wati 5 kwa sababu itakula betri wati 5 usiku kucha.

Dishi_Shela
Huyo jamaa mjibu kwamba wati ya rezista ni kama uzito unaoandikwa kwenye kamba. Kamba ya kubeba kilo 200 ukiifungia kilo 20 inabeba 20. Ya wati 5 ikipata mzigo wa 1.05 inatoa joto la 1.05. Betri haijui hata kama umebadilisha.

Mama_Sakiti
Ahsante Dishi, sina la kuongeza hapo.

Kuhusu ya wati moja: haitoshi kabisa, wala si suala la nukta sufuri tano. Ile wati inayoandikwa ni ya rezista iliyo kwenye hewa, na rezista nyingi za kawaida zinapimwa kwamba zinabeba wati zao kamili hadi joto la 70 pembeni yake, juu ya hapo uwezo unashuka. Yako iko kwenye kiboksi cha plastiki kilichozibwa, kimepakana na kibati cha LED ambacho nacho kinachemka. Hewa haitoki. Mimi kwa kazi ya wazi naweka mara mbili ya mzigo, kwa kiboksi kilichozibwa naweka mara tatu. Kwa hiyo tafuta wati 3. Ikikosekana, ya wati 5, ile nyeupe ya umbo la tofali, haina mistari, imeandikwa maandishi kama `5W22ΩJ`. Hiyo J ni ule ule usahihi wa asilimia 5 ambao kwenye mistari ungeonyeshwa na dhahabu.

Usiilaze juu ya kibati. Iinue kwa miguu yake milimita kadhaa, na isiguse silikoni wala ganda la waya.

Mwalimu_Fizikia
Naingia nimechelewa. Nafundisha sekondari Mokowe. Hesabu ni safi, ila nauliza kwa nini tunaendelea na rezista. LED zikipata joto volti zake zinashuka kidogo, masazo yanaongezeka, karenti inapanda. Kuna vibati vidogo vya kudhibiti karenti vinavyotoa 0.3 ile ile iwe betri iko 12 au 15. Mwanga haubadiliki, na joto linalopotea ni dogo. Rezista kwenye mashua yenye altaneta ni suluhisho la zamani.

Mama_Sakiti
Mwalimu, kwa elimu uko sawa, na kwenye taa ya nyumba ningekuunga mkono. Kwenye mashua nina shaka. Nimefungua vibati hivyo vingi vilivyokufa kwa chumvi, mguu mmoja tu wa aisii ukiota kutu taa imezima katikati ya mkondo, na nahodha hana cha kufanya. Rezista akibeba ya akiba na vipande vya waya anaiunga hata kwa tochi mdomoni. Hilo la joto la LED ni kweli, na ndiyo sababu nyingine ya kuchagua 22 badala ya 15, tubaki na nafasi.

Mwalimu_Fizikia
Chumvi inazuilika kwa kupaka vanishi ya kibati. Lakini sitabishana na aliyefungua vingi kuliko mimi. Nahodha apime, atuambie.

Nahodha_Kijana
Nimerudi baada ya siku nne. Wati 3 sikupata, tofali nyeupe ya 22 sikupata. Nilichopata ni omu 22 za wati moja, ndefu kama milimita 11, nyekundu, nyekundu, nyeusi, dhahabu. Safari hii nilisoma dukani juani, na nikazipima moja moja kwa mita: 21.8, 22.1, 21.9, 22.0. Nimechukua nne. Kuna njia?

Mama_Sakiti
Ipo, na ni nzuri kuliko ile ya wati 3. Zifuatanishe mbili, zinakuwa 44. Zifuatanishe mbili nyingine, 44. Kisha hizo jozi mbili ziunge sambamba. Arobaini na nne mbili sambamba zinarudi 22. Mzigo unagawanyika sawa kwa zote nne, kila moja inabeba robo, na kwa pamoja una uwezo wa wati 4. Ziachanishe zisigusane.

Ukishamaliza usikate waya kupima ampea. Weka mita kwenye volti, gusa mwanzo na mwisho wa kundi lote, injini ikinguruma. Soma, gawa kwa 22.

Nahodha_Kijana
Tayari. Tumetoka jana usiku, nimemwambia mwenzangu ashike tochi.

Injini inawaka, betri 14.4. Juu ya kundi la rezista mita inasema 5.1. LED kwa pamoja zinachukua 9.3, si 9.6. Nikagawa: 5.1 kwa 22 ni 0.23. Zidisha 5.1 kwa 0.23, ni wati 1.17 hivi. Robo yake ni karibu 0.3 kwa kila moja. Baada ya saa moja nzima nimefungua: zina joto ambalo sikuthubutu kushika kwa muda, lakini rangi ni zilezile na hakuna harufu. Mwanga ni hafifu kuliko ule wa omu 10, ila unatosha kuona nyavu.

Mama_Sakiti
Hiyo 9.3 ndiyo ya kuandika kwenye kifuniko cha kiboksi. 9.6 ilikuwa makadirio yetu, yako ni kipimo. 0.3 juu ya wati moja, ndani ya kiboksi, nimeridhika. Tazama rangi tena baada ya wiki, hasa ile iliyo karibu zaidi na kibati.

Nahodha_Kijana
Kuna jambo jingine. Binamu yangu ana taa ya fundi huyohuyo kwenye mashua yake, bado inawaka. Nimeifungua. Rezista yake ni ya samawati, ina mistari mitano: nyekundu, nyekundu, nyeusi, dhahabu, kahawia. Dishi yuko nami hapa anasema ni 220.

Dishi_Shela
Mbili, mbili, sufuri. Si 220?

Mama_Sakiti
Mkiishia kwenye mstari wa tatu ni 220. Yenye mistari mitano tarakimu ni tatu, na wa nne ndio kizidisho. Dhahabu pale si asilimia 5, ni kuzidisha kwa 0.1. Basi 220 mara 0.1, omu 22. Kahawia ya mwisho ni usahihi wa asilimia 1. Na msije mkaisoma kutoka upande wa kahawia, kwa sababu dhahabu ingekuwa tarakimu ya pili, na dhahabu haina tarakimu.

Dishi_Shela
Basi fundi alikuwa wa 22, nimekubali. Ingawa taa mbili za fundi mmoja si lazima ziwe pacha.

Mama_Sakiti
Kweli, si lazima. Nahodha, hiyo ya binamu ina urefu gani?

Nahodha_Kijana
Milimita 6, labda 6 na nusu. Haijabadilika rangi. Ana mashua ya tanga, injini ndogo ya kubandika nyuma, haichaji betri. Anachaji nyumbani.

Mama_Sakiti
Ndiyo maana iko hai. Za samawati nyingine zinatengenezwa nusu wati kwenye umbo la robo, kwa hiyo kwa urefu peke yake siwezi kukwambia yake ni ipi. Kwa betri ya 12.6 inabeba 0.4 na kitu. Kama ni robo wati imeshazidiwa na siku zake zinahesabika, kama ni nusu inajikongoja. Mwambie akinunua injini yenye altaneta, hiyo rezista aitoe kabla ya kuiwasha. Na zile nne zako, umebakiwa na ya akiba?

Nahodha_Kijana
Sina. Ijumaa narudi dukani.